Matabishi ni ya nani? Historia ya pesa inayobaki juu ya meza

Wenye kupita barabara inayotoka Sake kwa Mushaki kuelekea Masisi wanajua kwamba hapa Bihambwe gari haisimami bure. Dereva anashuka kula, wachimbaji wa Rubaya wanashuka kula, wafanyabiashara wa ng'ombe nao wanakaa mezani. Siku moja nilikuwa nyuma ya jikoni la fasi moja ya kulia, jina lake nitaliacha, nikasikia ugomvi. Mteja alikuwa ameacha noti ya franka 5,000 chini ya sahani. Mhudumu akaiingiza mfukoni. Mpishi akamwambia: «Ile nyama umeipika wewe?» Mama mmoja mhamiaji, aliyekuwa akisugua sufuria tangu asubuhi ili apate sahani ya bugali na maharagi, hakusema kitu. Aliangalia tu.

Kile kisa cha franka 5,000 si cha Bihambwe peke yake. Watu wameshagombana juu yake Paris, Nairobi na Amerika, sheria zimetungwa, na majibu hayakuwa sawa kila mahali. Ninataka kuifuata hiyo njia, kwa sababu kuna mambo waliyokosea ambayo sisi hatuna haja ya kuyarudilia.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi huku Kongo tunasema matabishi. Wenzetu wa pwani wanasema bakshishi, neno lililotoka Uajemi. Letu lilitoka kwa Wareno: mata-bicho, maana yake «kuua mdudu». Ilikuwa ile tone ya pombe kali ambayo mtu alikunywa asubuhi kabla ya kula, eti inaua mdudu wa tumboni. Angola na Msumbiji mpaka leo neno hilo linamaanisha chakula cha asubuhi. Lilipopanda kutoka mdomo wa mto Kongo pamoja na biashara, likageuka zawadi ndogo ambayo mnunuzi au bwana anaongeza juu ya bei. Wabelgiji wakaliandika matabiche. Ajabu ni kwamba Wafaransa nao wanasema pesa ya kunywa, na Wajerumani vilevile. Karibu kila mahali ilianza kama kikombe kimoja kwa mtu mmoja. Hakuna aliyefikiria mwosha sufuria.

Wakati wa ukoloni mfanyakazi wa Kongo alijua vitu vitatu tofauti: mshahara, posho na matabishi. Mshahara ni pesa mliyopatana. Posho ni chakula, au pesa ya chakula, ambayo mwajiri alipaswa kutoa juu ya mshahara. Matabishi ni kile kilichotoka kwa moyo wa mtoaji, leo kipo, kesho hakipo. Wazee wetu hawakuvichanganya. Baadaye, siku za Mobutu, neno matabishi likachafuka, likawa pia jina la pesa ya kumfungua mkubwa mkono ili atie sahihi. Lakini katika restora uchafu ulikuwa wa namna nyingine. Patro akaanza kusema: «Mshahara wako ni kidogo, lakini utajazia na matabishi.» Hapo vitu vitatu vikawa kimoja, na aliyefaidika ni patro.

Hiyo kauli haikuzaliwa kwetu. Paris, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wahudumu wengi wa mikahawa hawakuwa na mshahara hata kidogo. Waliishi kwa matabishi tu, na fasi nyingine walimlipa patro kila siku ili waruhusiwe kufanya kazi. Mwezi wa nne 1907 waligoma. Magazeti ya wakati ule yalicheka sana, kwa sababu moja ya mambo waliyodai ilikuwa haki ya kufuga masharubu, ambayo patro waliwakataza. Lakini masharubu yalikuwa kando tu. Walitaka pia siku ya kupumzika, na walikuwa wamechoka kukatwa pesa ndogo ndogo zao.

Fasi nyingi matabishi yote yalitiwa katika sanduku moja. Wafaransa waliliita kwa jina la lile sanduku la sadaka la kanisani, tronc. Shida ni kwamba ufunguo ulikuwa kwa patro. Ndipo tarehe 19 mwezi wa saba 1933 Ufaransa ikatunga sheria, inaitwa sheria ya Godart. Ilisema pesa yoyote ambayo patro ameiongeza juu ya hesabu ya mteja kwa jina la huduma, au aliyopokea kutoka kwa mteja kwa ajili ya wafanyakazi, itolewe yote kwa wafanyakazi, na yeye awe tayari kuonyesha kwamba ameitoa. Ilikuwa hatua kubwa.

Lakini usome vizuri: kwa wafanyakazi gani? Kwa wale wanaokutana na mteja. Mhudumu ndani, mpishi nje, mwosha vyombo nje. Sheria iliyowatoa wahudumu katika mkono wa patro ndiyo iliyochora mstari kati ya ukumbi na jikoni. Mhudumu wetu aliyeingiza noti mfukoni alikuwa upande wa sheria ya 1933 bila kujua.

Upande wa pili wa bahari, Amerika, walibisha juu ya mstari huo kwa miaka mingi. Kule sheria ya nchi inamruhusu patro kumlipa mhudumu mshahara mdogo kuliko ule wa chini wa kawaida, kwa hesabu kwamba matabishi yatajazia. Sasa, ukisema wapishi nao waingie katika sanduku, unamega mkate wa mtu ambaye tayari amelipwa nusu. Mwezi wa tatu 2018 bunge lao lilikata maneno hivi: patro na wasimamizi hawagusi matabishi ya wafanyakazi hata kidogo, na wapishi na waosha vyombo wanaweza kuingia katika mgawo, lakini pale tu ambapo patro anamlipa kila mmoja mshahara wa chini kamili. Mimi naona hapo ndipo kuna kiini cha jambo lote. Kugawana na jikoni ni haki ikiwa mshahara umesimama. Kama mshahara haujasimama, kugawana ni masikini kumlipa masikini huku patro anaangalia.

Kenya walipita njia nyingine, nami naipenda kwa ujanja wake. Katika hoteli nyingi za Nairobi na Mombasa mteja hahitaji kufikiria matabishi, kwa sababu pesa ya huduma imeshaandikwa katika hesabu yake, mara nyingi asilimia 10. Hii si matabishi tena. Matabishi ni hiari ya mteja. Pesa ya huduma analazimishwa kuilipa pamoja na chakula. Swali ni: ikishaingia katika sanduku la hoteli, nani ataitoa? Sheria ya Kenya ya kodi ya ongezeko la thamani ya mwaka 2013 inasema pesa hiyo haitahesabiwa katika kodi kama haizidi asilimia 10, kama inagawiwa yote moja kwa moja kwa wafanyakazi, na kama mgawo huo uko katika mapatano yaliyoandikwa kati ya mwajiri na mfanyakazi. Patro akijiwekea pesa ile, inakuwa sehemu ya bei yake na mtoza kodi anataka fungu lake. Hivyo mtoza kodi amegeuka mlinzi wa mwosha vyombo. Tena sheria ile inasema wafanyakazi wa hoteli au restora, haikusema wale wa ukumbini tu. Nani apate kiasi gani, hilo limeachiwa mapatano, na huko ndiko chama cha wafanyakazi wa hoteli, KUDHEIHA, kina kazi yake.

Turudi nyumbani. Fasi zetu hazina pesa ya huduma katika hesabu, mara nyingi hata hesabu ya karatasi haipo. Lakini sheria ya mshahara ipo. Kodi ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inaorodhesha kile ambacho patro anadaiwa: mshahara, komisyo, primu, pesa ya saa za ziada na mengine. Inaweka mwisho wa saa 45 kwa juma na 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni saa za ziada: sita za kwanza zinaongezwa asilimia 30, zinazofuata asilimia 60, na siku ya kupumzika ukifanya kazi ni mara mbili. Mshahara wa chini uliokuwa franka 7,075 kwa siku tangu 2018 ulipandishwa na Kinshasa mwaka 2025 hadi 14,500, na hatua nyingine ya 21,500 ikapangwa kwa mwanzo wa 2026. Najua, wengi wenu mtacheka mkisoma hizo namba, maana restora za huku chache sana zinafika. Lakini lazima tuwe na kipimo, ndipo tujue ni kiasi gani kimepunguka.

Chukua mpishi mmoja aliyepatana franka 3,000 kwa saa. Nimechagua namba nyepesi ya kuhesabu. Juma hili barabara ilikuwa na watu, amefanya saa 55. Saa 45 ni franka 135,000. Saa sita za kwanza za ziada ni 3,900 kila moja, jumla 23,400. Saa nne zilizobaki ni 4,800 kila moja, jumla 19,200. Anastahili 177,600. Patro anampa 135,000 na kusema: «Saa za ziada si ulipata matabishi?» Amemnyima 42,600. Shika namba hiyo, tutaihitaji.

Sasa sanduku. Kuna namna tatu ambazo watu wanatumia huku, nami nimeziona zote. Ya kwanza ni kila mhudumu kula chake. Matokeo yake ni kwamba jikoni wanachelewesha sahani za mhudumu wanayemkasirikia, na wahudumu wanapiganiana meza ya wachimbaji waliopokea malipo. Ya pili ni kugawa sawa kwa vichwa. Inaonekana nzuri mpaka juma ambalo mmoja amekosa siku mbili na bado anapokea sawa na aliyekuja kila siku. Ya tatu ni pointi, ambayo hoteli kubwa zimeitumia tangu zamani: kila kazi ina pointi zake kwa zamu moja, unazidisha na zamu ambazo mtu amefanya.

Tuhesabu kwa fasi ya watu watano. Wamekubaliana mhudumu apate pointi 4 kwa zamu, mpishi mkubwa 4, msaidizi wa mpishi 3, mwosha vyombo na msafishaji 3. Juma limekwisha. Mhudumu wa kwanza amefanya zamu 6, ana pointi 24. Mhudumu wa pili aliugua, amefanya zamu 4, ana 16. Mpishi zamu 6, pointi 24. Msaidizi zamu 6, pointi 18. Msafishaji zamu 6, pointi 18. Jumla pointi 100. Wakifungua sanduku wanakuta franka 90,000. Gawa kwa 100, pointi moja ni franka 900. Basi mhudumu wa kwanza na mpishi kila mmoja 21,600, mhudumu wa pili 14,400, msaidizi na msafishaji 16,200 kila mmoja. Ukijumlisha inarudi 90,000 kamili.

Noti ndogo ni shida, kila mtu anajua. Kata chini hadi 500 iliyo karibu: 21,500, 21,500, 14,000, 16,000 na 16,000. Umetoa 89,000. Zile 1,000 zilizobaki zinarudi katika sanduku kwa juma lijalo na zinaandikwa katika daftari. Usiseme «tununue sabuni nazo». Sabuni ni ya patro.

Na ile namba niliyowaambia mshike: mpishi wetu amepata 21,600 ya matabishi, wakati saa za ziada alizonyimwa ni 42,600. Matabishi ya juma zima yamefunika nusu tu ya deni la patro, na kidogo juu yake. Ndiyo sababu daftari la saa na daftari la sanduku yawe mawili. Patro akiyaunganisha kuwa moja, hakuna atakayeona nini kimepotelea wapi. Mkutano wa kazi wa kimataifa wa Geneva uliandika jambo hilo mwaka 1991, katika mkataba namba 172 juu ya hoteli na restora: matabishi ni pesa mteja anayotoa kwa hiari juu ya kile anachodaiwa, na bila kujali matabishi, mfanyakazi apate malipo ya msingi kwa wakati unaojulikana. Mkataba huohuo unakataza kuuza na kununua kazi, yaani mambo yale ya Paris ya kumlipa patro ili uingie.

Watu wataniuliza: kwa nini msafishaji 3 na mhudumu 4? Hakuna kitabu kinachosema. Mhudumu anabeba matusi ya mlevi, mpishi anabeba moshi, msafishaji anaingia mapema na kutoka wa mwisho. Nimeona wanaotoa 5 na 1, na hapo mwosha vyombo anaondoka kila mwezi, sahani zinatoka na mafuta, wateja wanapungua, na sanduku linapungua kwa wote. Mimi singeacha tofauti ipite 4 kwa 3. Jambo kubwa ni kwamba pointi zipangwe kabla ya juma kuanza, kila mtu akiwepo, na zisibadilishwe siku ya kufungua sanduku.

Zamu nazo zina siri yao. Jioni, pombe ikishaingia, mkono wa mteja unafunguka. Asubuhi mtu anakunywa chai na mandazi na kuondoka. Mkigawa sanduku zamu kwa zamu, wa asubuhi hawatapata kitu, ingawa wao ndio waliopika maharagi yanayoliwa jioni. Gawa kwa juma. Na wa usiku, ambao sheria inahesabu usiku wao kuanzia saa moja ya jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ugumu wao ulipwe katika mshahara na patro, usitolewe katika sanduku la wenzao.

Sanduku linaibiwa namna gani? Mara nyingi si kwa kuvunja. Ya kwanza ni patro au ndugu yake kuhesabu peke yake. Dawa ni watu wawili, mmoja wa ukumbi na mmoja wa jikoni, wanahesabu mbele ya wengine na kuandika siku, kiasi, sahihi. Ya pili ni kukata «sahani iliyovunjika» kutoka matabishi. Ya tatu ni mpya: simu. Tangu benki za Goma zilipofungwa mwezi wa kwanza 2025, pesa taslimu imekuwa ngumu, na wateja wengi wanatuma kwa M-Pesa au Airtel Money. Mteja anatuma bei na matabishi pamoja kwa namba ya patro, na matabishi hayaonekani tena. Au anatuma kwa namba ya mhudumu, na jikoni hawajui. Mnaweza kujua kwa kulinganisha: ujumbe wa simu unaonyesha kiasi kilichoingia, hesabu ya meza inaonyesha bei. Kinachozidi ni cha sanduku, kiandikwe siku ileile. Na kama sahani zilizouzwa juma hili ni sawa na juma lililopita lakini sanduku limepunguka nusu, msiulizane kwa hasira, fungueni daftari mtazame ni siku gani lilianza kupunguka na nani alikuwa zamu.

Sasa yule mama wa sufuria. Yeye hayumo katika watu watano. Anakuja siku moja, kesho pengine familia imehamia Sake au Goma kwa sababu risasi zimelia. Ukimwambia angoja mwisho wa juma, hatapata. Wengi wanamlipa sahani ya chakula tu, wakisema hiyo ndiyo posho. Lakini posho haikuwa mshahara hata wakati wa Wabelgiji. Zamu yake ni kazi, alipwe pesa ya zamu na patro. Na kwa sanduku, hesabu yake si ngumu: pointi 3, kwa thamani ya pointi ya juma lililopita. Kama ilikuwa franka 900, anapewa 2,700 jioni ileile, kabla hajatundika kitambaa, na jina lake linaandikwa katika daftari la juma jipya. Siku ya kufungua sanduku mnaongeza zile 2,700 juu ya pesa mliyokuta, na pointi zake 3 juu ya jumla ya pointi, ndipo mnagawa. Kama sanduku limenona kuliko juma lililopita, amepunjwa franka chache; kama limekonda, amepata zaidi kidogo.

Fasi ile ya ugomvi, siku nyingine nilipopita, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga limepigwa tundu juu, limefungwa na kamba, limewekwa kwenye dirisha kati ya jikoni na ukumbi. Mpishi analiona, mhudumu analiona. Noti ya kwanza niliyoiona ikiingia ilikuwa ya franka 500.